Fundi akipigwa na shoti: mambo matatu ambayo taarifa ya ajali haipaswi kuyaacha

Kutoka Ifakara hadi Mlimba, barabara inapita kwenye mashamba ya mpunga, na karibu kila kijiji kina mashine ya kukoboa. Chita nako ni hivyo hivyo. Juu yake, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, upo mtambo wa Kihansi wenye uwezo wa kuzalisha megawati 180. Umeme wa aina ile una wahandisi na taratibu zake. Umeme wa mashineni una fundi mmoja, testa mfukoni na mwenye mashine anayeuliza kazi itakwisha saa ngapi kwa sababu magunia yamepangwa hadi mlangoni.

Fundi huyo akipigwa na shoti na akasimama tena, mara nyingi hakuna kinachoandikwa. Kikiandikwa, huwa ni mistari miwili kama hii:

"Fundi alipigwa na shoti akitengeneza stata. Umeme ulikuwa umezimwa. Amepewa dawa na anaendelea vizuri."

Isome tena. Kama umeme ulikuwa umezimwa, kilichompiga ni nini? Sentensi ya pili inapingana na ya kwanza, na ya tatu haimwambii daktari chochote. Makala haya yanaeleza namna ya kuandika taarifa inayojibu maswali matatu: umeme ulikuwa umetengwa kwa kiwango gani, kifaa kiliwekwa lebo gani kabla na baada ya ajali, na fundi alifuatiliwa vipi kitabibu.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue mfano wa mashine ya kukoboa. Si tukio la mtu fulani. Tumeutunga ili hatua zionekane, ila makosa yaliyomo ni ya kila siku.

Mashine ina mota ya fezi tatu. Umeme unatoka kwenye swichi kuu, unapita kwenye swichi ya mota iliyo ukutani, unaingia kwenye stata, kisha kwenye mota. Ndani ya stata kuna kontakta, yaani swichi inayovutwa na koili. Koili hiyo inapata umeme wa volti 230 kupitia vitufe vya kuwashia na kuzimia.

Miaka ya nyuma, mtu alihamisha vitufe hivyo hadi kwenye meza ya karani. Ili kuokoa waya, akachukua umeme wa vitufe kwenye breka ya taa za ofisini badala ya kuuchukua ndani ya stata. Mashine ikafanya kazi vizuri. Hakuna aliyeandika popote.

Leo kontakta inalia na mota haishiki. Fundi anazima swichi ya mota, anabandika karatasi yenye maneno "USIWASHE", anafungua stata na kupima njia tatu za mota kwa testa. Zote hazina umeme. Anashika kasha la chuma kwa mkono wa kushoto na kupeleka vidole vya kulia kwenye skrubu ndogo iliyo pembeni ya kontakta, ile inayopokea waya wa vitufe. Anapigwa.

Mwenzake anakimbia na kuzima swichi kuu. Fundi anajivuta, anakaa chini, anasema kifua kinadunda. Kidole cha shahada kina alama nyeupe ndogo kama punje ya mchele.

Kwanza: umeme ulikuwa katika hali gani?

Neno "umezimwa" halitoshi, kwa sababu lina maana nne tofauti. Swichi inaweza kuwa imeshushwa tu. Inaweza kuwa imeshushwa na kufungwa kwa kufuli ili mtu mwingine asiiwashe. Inaweza kuwa imefungwa na pia imepimwa kuthibitisha kwamba hakuna umeme. Na inaweza kuwa imepimwa mahali pamoja lakini si pale mkono ulipogusa. Fundi wetu alikuwa katika hali hii ya nne, na kufuli hakuwa nalo.

Kwa hiyo taarifa iandike kila chanzo cha umeme kwa mstari wake. Kwa mfano wetu itakuwa hivi:

- Swichi kuu: ilikuwa imewashwa wakati wa shoti. Ilizimwa na mwenzake baada ya shoti.
- Swichi ya mota: ilikuwa imezimwa. Haikuwa na kufuli.
- Breka ya taa za ofisi: ilikuwa imewashwa. Ndiyo inayolisha vitufe vya stata.
- Jenereta: haikuwa ikiunguruma. Cheneji ova ilikuwa upande wa TANESCO.
- Kipimo kabla ya kazi: njia tatu za mota zilipimwa kwa testa ya kalamu. Skrubu za waya wa vitufe hazikupimwa.

Mistari hii mitano inaeleza ajali nzima. Angalia hasa mstari wa kwanza. Anayemwokoa mtu anabadilisha hali ya swichi, na lazima afanye hivyo. Hakuna anayepaswa kumgusa aliyeshikwa na umeme kabla ya umeme kukatwa. Lakini nusu saa baadaye, mkaguzi au mwenye mashine akifika atakuta swichi kuu imezimwa na kusema, "Mbona palikuwa salama?" Ndiyo maana taarifa iseme kila swichi ilikuwaje wakati wa shoti, na nani aliigusa baadaye. Aliyeokoa aulizwe siku hiyo hiyo, kabla hajasahau mkono wake ulianza wapi.

Usiruke mstari wa jenereta hata kama siku hiyo haikuwashwa. Palipo na cheneji ova isiyo sahihi, jenereta inaweza kurudisha umeme kwenye waya ambazo fundi anaamini zimekufa. Paneli za jua nazo hutoa umeme muda wote wa mchana hata swichi ya chini ikizimwa. Taarifa inayotaja chanzo kimoja tu imeshakubali kwamba hakuna kingine, bila mtu kuangalia.

Kuhusu kipimo, andika kifaa kilichotumika. Testa ya kalamu yenye taa ndogo inategemea mwili wa anayeishika na sakafu anayosimama, na inaweza kuzimika mikononi bila dalili. Kipimo cha kuaminika kina hatua tatu: kipime kifaa chako kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima unapotaka kugusa, kisha rudi upime tena pale penye umeme. Hatua ya tatu ndiyo inayothibitisha kwamba kifaa hakikufa katikati ya kazi. Kama hatua hizi hazikufanyika, andika hivyo bila kupamba.

Kwa nini breka haikumwokoa

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake linafaa kuingia kwenye taarifa. Mwili wa mtu, kutoka mkono hadi mkono, kwa umeme wa volti 230, una ukinzani wa takriban omu 1,000 hadi 2,000, kutegemea jasho na unyevu wa ngozi. Ukigawa 230 kwa 2,000 unapata ampia 0.115. Ukigawa kwa 1,000 unapata ampia 0.23.

Breka ya taa ya ampia 10 inasubiri zaidi ya ampia 10 ndipo ikate. Kwake, ampia 0.2 ni kama balbu moja ya kawaida. Lakini kwa moyo, kiasi hicho kikipita kifuani kwa zaidi ya sekunde moja kinaweza kuvuruga mapigo na kuua. Kifaa kinachoweza kukata kwa wakati ni kile kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini, chenye kiwango cha miliampia 30. Basi taarifa iseme: kifaa hicho kilikuwepo kwenye njia ile au hakikuwepo? Kama kilikuwepo, kilikata? Kama hakikukata, nani amekijaribu kwa kitufe chake, na lini?

Pili: lebo, kabla na baada

Lebo za aina mbili huchanganywa, na taarifa inapaswa kuzitenganisha.

Lebo ya kwanza ni ile ya kazi: "USIWASHE, mtu anafanya kazi." Inabandikwa kwenye swichi kabla ya kuanza, ikiwa na jina la fundi, tarehe na saa. Lebo hii inaonya tu. Haizuii mkono wa mtu, na mtu asiyesoma au aliye gizani anaweza kuipita. Kufuli ndilo linalozuia, na ufunguo wake ukae kwa fundi mwenyewe. Andika lebo ilikuwa wapi hasa, ilikuwa imeandikwa nini, na kama palikuwa na kufuli. Katika mfano wetu lebo ilikuwa sahihi, lakini ilibandikwa kwenye chanzo kimoja kati ya viwili. Hilo ni tofauti sana na fundi asiyebandika kitu, na ni haki yake lionekane.

Lebo ya pili ni ya baada ya ajali: "USITUMIE, USITENGENEZE. Kifaa kimempiga mtu." Hii inabandikwa kwenye stata yenyewe na kwenye kila breka inayoilisha, baada ya kuzizima na kuzifunga. Iwe na namba, na namba hiyo iandikwe kwenye taarifa pamoja na saa na jina la aliyeibandika.

Hapa ndipo ushahidi hupotea. Msimu wa mavuno, mwenye mashine anataka ikoboe mchana huo huo. Fundi mwingine anaitwa, anakata waya wa vitufe, anaunganisha upya, mashine inanguruma. Jioni hakuna awezaye kuonyesha umeme ulitoka wapi. Kilichobaki ni maneno ya aliyepigwa, na mara nyingi ataambiwa alikuwa mzembe.

Kabla ya mtu yeyote kukaza skrubu moja, piga picha tatu: stata ikiwa wazi jinsi ilivyo, mpangilio wa swichi na breka zote, na mahali fundi aliposimama. Kisha fundi mwingine mwenye leseni apime kwa mita, kwa tahadhari zote, mahali mkono ulipogusa. Kwa mfano wetu anaandika: "Swichi ya mota ikiwa imezimwa na breka ya taa ikiwa imewashwa, kati ya skrubu ya waya wa vitufe na kasha kuna volti 231. Breka ya taa ikizimwa, volti 0." Sentensi hizo mbili zinamaliza ubishi.

Taarifa haifungwi mpaka ieleze lebo iliondolewaje: nani aliitoa, lini, na baada ya marekebisho gani. Hapa rekebisho ni kurudisha umeme wa vitufe ndani ya stata, ili swichi moja ya mota ikate kila kitu, kisha kupima tena skrubu zote swichi ikiwa imezimwa. Kubandika tu onyo la "vyanzo viwili" ni bora kuliko kutobandika, lakini mtego unabaki pale pale ukimsubiri fundi mwingine.

Tatu: fundi mwenyewe

"Anaendelea vizuri" ni maneno ya kuagana, si ya kitabibu. Shoti inaweza kuacha alama ndogo nje na kuumiza ndani, kwa sababu umeme unapita kwenye misuli, mishipa na moyo. Ukubwa wa kidonda cha kidole hauonyeshi kilichotokea njiani.

Mtoa huduma wa zahanati au kituo cha afya hakuwepo mashineni. Anahitaji karatasi yenye mambo haya:

- Umeme ulikuwa wa volti ngapi. Wa majumbani na mashineni, volti 230 au 400, ni tofauti kabisa na ule wa nguzo kubwa, ambao ni wa maelfu ya volti na ni dharura ya hospitali bila kusubiri.
- Uliingilia wapi na kutokea wapi. Kwa fundi wetu: kidole cha kulia hadi kiganja cha kushoto, yaani kupitia kifuani.
- Alishikwa kwa muda gani, na nani aliukadiria.
- Alizimia? Alianguka au kurushwa? Aliyetoka juu ya ngazi anaweza kuwa na jeraha la kichwa au shingo kuliko la umeme.
- Mikono au sakafu ilikuwa na maji?
- Saa ya tukio.

Kuhusu saa, kuna mtego wetu wenyewe. Ukiandika "saa 4:20" tu, sisi tunaelewa asubuhi mashine ikiwa imeanza kazi. Anayejaza fomu au kompyuta anaweza kuisoma kama alfajiri. Andika "saa 4:20 asubuhi (10:20)". Daktari anahesabu saa za kumwangalia mgonjwa kuanzia hapo.

Kipimo muhimu cha kwanza ni cha umeme wa moyo, kinachoitwa ECG. Kwa kawaida, mtu mzima aliyepigwa na umeme wa majumbani, ambaye hakuzimia, hana dalili yoyote na ECG yake ni ya kawaida, huruhusiwa kurudi nyumbani. Aliyezimia, anayelalamika kifua au mapigo ya moyo, au ambaye ECG yake ina kasoro, huwekwa chini ya uangalizi. Fundi wetu alisema kifua kinadunda, kwa hiyo hawezi kumalizwa kwa dawa ya maumivu. Kama kituo cha karibu hakina kipimo hicho, taarifa iandike kwamba alipewa rufaa, aende wapi na kwa usafiri gani. Kwa ukanda huu rufaa kubwa ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na wakati wa masika mwendo wa barabara hiyo uhesabiwe mapema, si usiku hali ikibadilika. Fundi mjamzito apimwe hata kama anajisikia mzima, kwa ajili ya mtoto.

Zipo dalili ambazo aliyepigwa na wa nyumbani kwake wanapaswa kuzijua kabla ya kuondoka kituoni. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi ni ishara kwamba misuli imeumia na figo ziko hatarini. Mkono kuvimba, kukaza na kuuma zaidi kila saa, hasa vidole vikikunjuliwa, ni dharura. Mapigo kuruka, kizunguzungu au kuzimia vivyo hivyo. Akiona mojawapo arudi hospitali saa hiyo hiyo.

Mengine huja polepole. Ganzi, udhaifu wa mkono, usingizi kukatika, kusahau sahau au hofu ya kufungua kasha la umeme vinaweza kujitokeza baada ya siku au wiki. Baada ya shoti kubwa, hasa ya volti nyingi au iliyopita kichwani, mtoto wa jicho unaweza kutokea miezi kadhaa baadaye. Ndiyo sababu taarifa iwe na nafasi ya marudio: aliulizwa hali kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi, na alijibu nini. Mtu akianza kuona ukungu miezi sita baadaye, karatasi hiyo itakuwa kiungo pekee kati ya jicho lake na siku ile.

Tenganisha faragha. Kitabu cha ajali kiseme alipelekwa wapi, saa ngapi, na kama daktari amemruhusu kurudi kazini na kwa masharti gani. Majibu ya vipimo yabaki kwenye faili lake la matibabu, yasibandikwe ukutani.

Taarifa inakwenda wapi

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa Tanzania Bara, ajali ya kazini inaguswa na sheria mbili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Chini ya hii ya pili, mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku 7 tangu alipojua ajali. Na haki ya mafao inaweza kupotea kama ajali haikutolewa taarifa ndani ya miezi 12.

Ukilinganisha tarehe hizo na mtoto wa jicho, utaona hatari ya kunyamaza kwa sababu "hakuumia". Shoti iliyoandikwa leo inaweza kuunganishwa na tatizo la baadaye. Ambayo haikuandikwa itabaki hadithi. Andika pia mwajiri wa fundi ni nani siku hiyo: mwenye mashine, kampuni ya ufundi, au alikuja kwa makubaliano ya kazi moja. Swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa inapofika kwenye fidia, na mashineni ndilo lisilo na jibu lililoandikwa.

Ile mistari miwili, ikiandikwa upya

"Saa 4:20 asubuhi (10:20) fundi alipigwa na umeme wa volti 230 akifungua stata ya mashine ya kukoboa, kutoka kidole cha shahada cha kulia hadi kiganja cha kushoto kilichoshika kasha. Mwenzake anakadiria sekunde moja. Hakuzimia wala kuanguka. Sakafu ilikuwa kavu. Swichi ya mota ilikuwa imezimwa na ina lebo, bila kufuli. Vitufe vya stata vinalishwa na breka ya taa za ofisi, ambayo ilikuwa imewashwa na haina kinga ya miliampia 30. Waya wa vitufe haukupimwa kabla ya kazi. Swichi kuu ilizimwa na mwenzake baada ya shoti. Stata na breka zimefungwa na kuwekwa lebo namba 1 saa 4:40 asubuhi (10:40), picha zimepigwa. Fundi alilalamika mapigo ya moyo, amepelekwa kituo cha afya akiwa na maelezo haya, na ameombewa ECG. Ataulizwa hali kesho, baada ya wiki na baada ya mwezi."

Inajaza nusu ukurasa wa daftari. Anayeisoma anajua cha kurekebisha kabla ya mashine kuwashwa, na daktari anajua cha kutafuta.